Mishahara itachelewa: usiahidi tarehe ya pesa usiyoishika mkononi

"Nina wafanyakazi 15. Mteja wetu mkubwa hajalipa na mishahara ya mwezi huu itachelewa. Niwaambie sasa, au nisubiri hadi siku yenyewe kwa kuwa huenda pesa ikaingia? Naogopa walio bora wataondoka."

Ndugu, waambie sasa. Nimepita njia hiyo mara mbili nikiwa mkuu wa kampuni ndogo ya wafanyakazi 19. Mara ya kwanza niliharibu, na makosa ya mara hiyo ndiyo yaliyonifundisha mengi.

Tulikuwa tunalipa tarehe 28. Tarehe 17 mhasibu alinionyesha kwamba ankara mbili za mteja mmoja hazijalipwa na kwamba bila hizo hatufiki. Nilinyamaza siku 11 nikiomba pesa iingie. Tarehe 28 asubuhi watu waliweka simu zao mezani, kioo juu, wakisubiri ujumbe wa benki. Saa saba mchana mlinzi alikuwa ameshawaambia kwamba mhasibu amejifungia ofisini na hapokei simu. Saa kumi nikaitisha kikao na kusema, "Wiki ijayo, Ijumaa, kila mtu atapata." Mteja alikuwa ameniambia hivyo, nami nikalichukua neno lake nikalifanya ahadi yangu. Ijumaa ilifika na hapakuwa na kitu. Kuchelewa kwenyewe watu walinivumilia, lakini ile Ijumaa hawakunisamehe. Wawili waliondoka ndani ya miezi mitatu, na mmoja wao aliniambia wazi kwamba angeweza kukopa siku ile ya tarehe 17 laiti angejua, kwa sababu wakati huo duka na mwenye nyumba bado walikuwa wanamwamini.

Kwa hiyo, kabla ya kusema lolote, kaa na mhasibu mpange kwenye karatasi wiki 6 hadi 13 zijazo: kila wiki pesa gani itaingia, kutoka kwa nani, na gani itatoka. Kila pesa inayotarajiwa iwekeni katika moja ya mafungu mawili: iliyothibitishwa kwa maandishi na mteja ambaye huwa analipa, na ile ya matumaini. Kodi na michango ya pensheni iliyokatwa kwa wafanyakazi itengeni pembeni kwanza, kwa maana hiyo si pesa ya kampuni, na kuitumia kuziba pengo ni kujichimbia shimo la pili. Karatasi hiyo ikionyesha kwamba hata fungu la kwanza halitoshi kulipa mishahara katika kipindi chote hicho, basi ulicho nacho si ucheleweshaji. Hapo unahitaji mwanasheria na mhasibu wa nje kabla ya kikao, kwa sababu kuwaambia watu "itachelewa" huku ukijua haiji ni kuwafanyisha kazi ya bure.

Mara ya pili nilizungumza siku 9 kabla ya tarehe ya malipo. Wasimamizi niliwaambia saa moja kabla ya wengine, si siku moja kabla, kwa kuwa siri ya mshahara hailali. Kisha wote pamoja, wamesimama karakana, na sentensi ya kwanza ilikuwa ndiyo habari yenyewe: "Tarehe 28 hamtapata mshahara kamili." Sikuanza na historia ya kampuni wala shukrani, kwa sababu mtu anayesubiri habari mbaya hasikii chochote kinachotangulia. Nikaeleza sababu kwa sentensi mbili, nikasema kosa la kumtegemea mteja mmoja ni langu, nikasema kwamba mimi na mshirika wangu hatutachukua chochote hadi wao wamalizwe. Maneno ya "sisi ni familia" niliyaacha. Mtu anayedai mshahara wake hapendi kukumbushwa undugu.

Kuhusu tarehe, nilisema hivi: "Pesa iliyothibitishwa inatakiwa kuingia kati ya tarehe 6 na 10. Sitawaahidi siku. Ninachoahidi ni kwamba kila Jumatatu na Alhamisi saa nne nitasimama hapa niwaambie imefika wapi, hata kama hakuna jipya." Ahadi hiyo ilikuwa ndani ya uwezo wangu, kwa hiyo niliweza kuitimiza. Alhamisi ya kwanza sikuwa na jipya na nilitamani sana kukwepa. Nilikwenda, nikasema "bado," nikajibu maswali mawili, tukamaliza kwa dakika nne. Naamini dakika hizo nne zilifanya kazi kubwa kuliko hotuba ya siku ya kwanza.

Sasa suala la kugawa kidogo kilichopo. Tulikuwa na pesa ya kutosha asilimia 40 ya mishahara yote. Njia ya haraka ni kumpa kila mtu asilimia 40 ya mshahara wake, na inaonekana ya haki, lakini kwa mwenye mshahara mdogo asilimia 40 haifikishi hata kodi ya nyumba. Tuligawa kiasi kilekile kwa kila mtu. Wale 11 wa mishahara ya chini walipata takriban robo tatu ya haki yao, na wale 8 wa juu karibu robo moja. Wa juu niliwaita kwanza mmoja mmoja nikawaeleza. Mmoja alinuna, nami sikumlaumu. Ulilochagua litangazwe mbele ya wote, na usimlipe mtu yeyote kamili kwa siri, hata yule fundi unayeogopa kumpoteza. Itajulikana, na siku hiyo wengine 14 watajua thamani yao kwako.

Dereva mmoja aliyekuwa nyuma alivua kofia akauliza, "Mwenye nyumba nimlipe kwa maelezo haya?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Siku hiyo hiyo tuliandaa barua yenye mhuri, inayotaja kwamba mshahara umecheleweshwa na mwajiri na kwamba unadaiwa, kwa kila aliyeihitaji kwa mwenye nyumba, shule au benki. Watu 7 waliichukua. Kila mtu pia alipewa taarifa ya maandishi ya kiasi anachodai. Usimsainishe mtu kwamba amekubali kucheleweshwa: katika nchi nyingi saini hiyo haikuondolei wajibu wa kisheria, na kwake ni ishara kwamba unajikinga naye.

Kwa siku hizo chunga pia macho ya watu. Tulimlipa msambazaji wa malighafi kabla ya wao, kwa kuwa bila malighafi kazi ya kumlipisha mteja isingekamilika. Niliwaambia mapema kabla lori halijaingia getini. Wangeliona kwanza, nisingekuwa na maelezo ya kutosha.

Pesa iliingia tarehe 9, tukamaliza kulipa siku hiyo hiyo jioni. Mwezi huo hakuondoka mtu, ingawa mmoja aliondoka baadaye na sababu yake ilikuwa nyingine. Wiki iliyofuata niliwaambia kwamba aliyetozwa faini na benki kwa rejesho lililochelewa kwa sababu yetu alete karatasi kwa mhasibu. Walikuja watatu, tukawarudishia.