Mashine haisimami sana lakini OEE ni 68, hasara iko wapi?

Swali: "Mkuu, laini yetu ya maji ya nusu lita ilipangiwa dakika 450, ikasimama 75 tu, chupa 63,000 zimepita na rijekti ni 1,260. OEE inasoma 68.6%. Bosi anataka tuweke spidi ya 170 kwa dakika badala ya 200 ya filla, ile mashine ya kujaza, eti ndo uhalisia. Ni sawa?"

Jibu: Hapana kaka, usiguse hiyo 200. OEE, yaani ufanisi wa jumla wa laini, ni A mara P mara Q: A ni muda mashine ilipofanya kazi, P ni mwendo, Q ni ubora. Ona kwanza:

```
A = 375/450 = 83.3%
P = 63000/(375*200) = 84%
Q = 61740/63000 = 98%
```

Ubora hauna shida hapo, na zile dakika 75 mnazijua maana mmeziandika. Kinachowala ni P. Filla kwa dakika 375 ilitakiwa itoe chupa 75,000, mmepata 63,000, yaani chupa 12,000 zimeyeyuka, sawa na lisaa lizima la filla na hakuna aliyeliandika popote. Sasa ukiweka 170, P inaruka mpaka 98.8% na OEE inakuwa 80.7%, bosi anafurahi, lakini stoo haijaongezeka hata katoni moja na lile lisaa ndo limezikwa kabisa.

Fanya hivi, nenda kasome spidi kwenye skrini ya filla yenyewe. Tuseme opereta kaiweka 180, basi kwa dakika 375 ni chupa 67,500, kwa hiyo 7,500 zimepotea kwa mwendo mdogo tu. Zile 4,500 zilizobaki ni visimamo vidogo, dakika 25 kwa spidi hiyo, yaani kama mara 75 za sekunde 20 hivi. Nani ataandika sekunde 20? Chupa imelala kwenye konveya, jamaa anainyoosha kwa mkono, maisha yanaendelea.

Kaa na saa pembeni ya filla lisaa limoja, na kila ikisimama angalia mbele na nyuma. Chupa zikiwa zimebanana mpaka mdomo wa filla, tatizo liko mbele, mara nyingi mashine ya lebo au ya kufungasha. Chupa tupu zisipofika, tatizo liko nyuma. Kiwanda nilichokuwa zamani tuliilaumu filla wiki mbili, kumbe reli ya pembeni kabla ya lebo ilikuwa imelegea chupa zinaanguka, na opereta kashusha spidi makusudi ili apumzike kuziokota, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Halafu hakikisha ile 63,000 imehesabiwa kwenye filla. Kaunta ikiwa baada ya kitoa rijekti, itahesabu 61,740 tu, Q itasoma 100% na P itashuka mpaka 82.3%, OEE inabaki ileile 68.6 ila mtakuwa mnahangaika na spidi wakati chupa zinatupwa kwa sababu ya vifuniko.