Bajeti ilikaa sawa, mfuko ukawa mtupu

Saa tano asubuhi ya siku ya tamasha, fundi mitambo alikuwa amekalia kasha la spika, mikono kifuani. Hakuna waya uliounganishwa. Alikuwa anasubiri salio lake, na mimi sikuwa nalo.

Kwenye karatasi nilikuwa salama. Chukulia matumizi yote ni mafungu 100: wasanii 35, jukwaa na mitambo 30, vibali na ulinzi 15, yaliyobaki matangazo, wahudumu na dharura. Mapato nayo 100: wadhamini 50, tiketi 45, mabanda 5.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwa mdhamini mkuu. Kifurushi chake kiliandikwa 30, nami nikakiingiza chote kama fedha. Kumbe 12 ilikuwa vinywaji na matangazo ya redio. Matangazo yaliniokolea 4, kwa sababu ningeyalipia. Vinywaji havikufuta gharama yoyote, hivyo tayari nilikuwa na shimo la 8. Mchango wa vitu uhesabu kwa kiasi unachofuta kwenye matumizi yako, usifuate thamani aliyoandika mdhamini.

Iliyobaki, 18, nusu yake ilikuja tuliposaini. Nusu nyingine mkataba ulisema siku 60 baada ya kupokea ripoti ya tamasha. Fedha za tiketi za mapema nazo zilishikiliwa na muuzaji wa mtandaoni hadi tukio lipite (jambo la haki, maana likiahirishwa watu wanarudishiwa). Nikijumlisha wadhamini wadogo, 20, na mabanda, nilikuwa na 34 mkononi, wakati 70 ilitakiwa itoke kabla geti halijafunguliwa. Msanii hapandi jukwaani bila salio, na mitambo haiwashwi.

Vibali navyo vilinifunza. Ada yenyewe ni ndogo. Masharti yake ndiyo yanayokula. Idadi ya walinzi, vyoo na watoa huduma ya kwanza hufuata idadi ya watu uliyoiandika kwenye maombi. Mimi niliandika 3,000 kwa mbwembwe, nikauza tiketi 1,700. Tena vifurushi vya udhamini vilikuwa vimegawa tiketi 260 za bure, nyingi za viti vya mbele, zile za bei kubwa.

Siku hizi nina jedwali la pili, la tarehe: kila wiki nini kinaingia, nini kinatoka. Wiki ikionyesha hasi, narudi mezani na mdhamini kabla sijasaini na msanii. Mkataba wangu wa udhamini unadai asilimia 70 wakati wa kusaini, iliyobaki siku 14 kabla ya tamasha, na nembo haichapwi kwenye bango hadi awamu ya kwanza iingie benki. Mdhamini mmoja alikataa sharti hilo mwaka uliofuata. Nilipunguza jukwaa kutoka mita 12 hadi 8 na kumtoa msanii mmoja kwenye orodha.

Fundi yule? Nilimwachia kadi ya gari langu kama dhamana. Akafungua kasha saa saba.