Uzito wa kahawa unaosahihishwa baadaye

"Ripoti yetu hapa Moshi huvuta kila usiku mapokezi ya kahawa ya siku 7 zilizopita, lakini jumla ya Agosti hailingani na ya ghalani. Tatizo ni nini?"

Ndugu, kichujio chenu kinatazama tarehe ya mapokezi. Stakabadhi ya Agosti 14 iliyoandikwa kilo 620, kisha ikasahihishwa Oktoba kuwa 602, bado ina tarehe ya Agosti, kwa hiyo haivutwi tena. Chujeni kwa wakati wa badiliko, mkirudi nyuma saa kadhaa ili miamala iliyochelewa kukamilika isiponyoke, na rekodi yenye namba ileile ya stakabadhi ibadilishwe, isiongezwe mara ya pili:

```sql
WHERE updated_at >= :mvuto_uliopita - INTERVAL '6 hours'
```

Mchangiaji mwingine aliyeshauri mvute siku 90 badala ya 7 amepatia nusu, kwani dirisha hilo litanasa kosa hili lakini si la siku ya 91. Hata hivyo, stakabadhi iliyofutwa kabisa ghalani haionekani kwa njia yangu, hivyo kila wiki linganisheni idadi ya stakabadhi na jumla ya kilo kwa kila mwezi, kisha mwezi usiolingana ufutwe kwenu na kuvutwa wote upya.

Zile kilo 620 zihifadhiwe katika jedwali la historia pamoja na tarehe zilipobadilishwa, kwa sababu huenda mkulima alishalipwa kwazo. Kama tofauti ya kilo 18 irekebishe Agosti au iingizwe Oktoba, hilo mwulizeni mhasibu wenu.