Kuku sitini kwenye wasifukazi

*Swali la wiki: Je, sehemu ya uraibu na mambo unayopenda inamsaidia mwombaji kazi? Ni yapi hasa yanayofaa kuandikwa?*

Inamfaa anayetafuta kazi ya kwanza, tena iwapo alichoandika kinagusa kazi yenyewe. Mimi huchuja maombi katika duka la pembejeo za kilimo hapa Nakuru. Vijana wanaotoka chuoni huleta vyeti vinavyolingana hadi alama, kwa hivyo macho hushuka mpaka chini ya ukurasa. Huko wengi wameandika "kusoma, kusafiri, kusikiliza muziki", nami huwa nimeshafungua barua ya mwingine.

Tulipotafuta mhudumu wa kaunta, kijana mmoja aliandika: "Nafuga kuku 60 wa mayai nyumbani Bahati tangu 2023. Huandika daftarini chakula, mayai na chanjo." Angeandika "ufugaji wa kuku" tu, nisingemwita. Ile idadi, ule mwaka na lile daftari vilinipa cha kumuuliza.

Nilimuuliza gunia la kilo 70 huwatosha siku ngapi. "Tisa, kumi nikibana." Ni kweli: kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, hivyo 60 humaliza kilo saba na ushei. Nikamuuliza anavyowapa chanjo ya kideri. Akasema huwanyima maji kwa saa moja au mbili ili washikwe na kiu, kisha huchanganya chanjo kwenye maji ya mvua, kwa kuwa klorini ya maji ya mfereji huiua. Hilo ndilo wateja wetu hukosea, halafu wanarudi kutulaumu kwamba tumewauzia dawa mbovu! Anayedanganya hukwama kwenye swali la kwanza la namna hii.

Kazi ikiwa ya keshia, kuku hao wangekuwa na uzito mdogo. Hapo ningemtaka aliye mweka hazina wa timu ya mtaani au chama, mradi aseme anapokea michango ya watu wangapi na hesabu huisoma mbele ya nani. "Kucheza kandanda" peke yake hakunionyeshi kama anaaminika na pesa.

Dini na siasa naomba mziache nje. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mwombaji kwa misingi hiyo, lakini ubaguzi wa mtu anayesoma karatasi peke yake ni mgumu kuuthibitisha. Ukiwa mhasibu wa kwaya, andika uhasibu wa kwaya. Jina la kanisa si lazima.

Mwenye miaka kadhaa kazini aifute sehemu hiyo, nafasi aijaze kwa aliyoyafanya kazini. Kijana naye asizidishe mistari miwili, na huyo wa kuandika daftari aje nalo siku ya mahojiano. Wa Bahati alikuja nalo, lina madoa ya kinyesi cha kuku kwenye jalada, na tulilipitia ukurasa kwa ukurasa.

*Msomaji, Nakuru*