Barabara ilipofungwa, daftari la vipimo liliniokoa

Mimi ni fundi cherehani. Barabara iliyopita mbele ya duka langu ilipofungwa kwa matengenezo, wiki ya kwanza nilibandika bango la punguzo la bei. Lilikuwa kosa. Asiyepita hapo halioni bango, na waliopunguziwa ni wale wale ambao wangekuja hata kwa bei ya zamani.

Nilipotulia nikafungua daftari la kazi. Kabla ya barabara kufungwa nilipokea watu kama ishirini kwa siku: kumi na wanne wa kubadilisha zipu au kupunguza pindo, sita wa kushona nguo mpya. Sasa walikuwa watano: wawili wa marekebisho, watatu wa kushona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nina wateja wa aina mbili. Mwenye zipu mbovu alikuja kwa sababu duka lilikuwa njiani kwake. Wa kushona alinifuata mimi, na vipimo vyake ninavyo. Ukiwachanganya hawa wawili, utahangaika kumrudisha yule ambaye hakuwa wako bali wa barabara.

Basi nikaanza kupiga simu, kumi kila jioni, kwa kila mwenye namba kwenye daftari. Sikumuuliza mtu mbona haji, maana swali hilo linamfanya ajitetee. Niliuliza, "Siku hizi unapita wapi?" Wengi walitaja kituo kipya cha mabasi, ng'ambo ya pili ya matengenezo.

Pale kituoni nilimpata mama anayeuza vitambaa. Tukakubaliana apokee nguo kwa niaba yangu, nami nimpe sehemu ya malipo ya kila nguo. Nilizichukua Jumanne na Ijumaa, nikazirudisha zamu inayofuata. Mwanzoni tulivurugana: suruali mbili nyeusi zilibadilishana wenyewe, na sketi moja niliikata kupita kiasi kwa sababu maelezo yalitolewa kwa mdomo tu. Tangu siku hiyo kila nguo inashonewa kipande cha kitambaa chenye namba, na mteja anachomeka pini pale pale anapotaka pindo liishie. Usianze bila vitu hivyo viwili.

Mwezi wa tatu tangu barabara ifungwe, kazi za kushona zilikaribia kiwango cha zamani. Za zipu zilibaki chache, kwa hiyo niliacha kununua zipu kwa katoni.

Kuhama je? Nilihesabu kazi za duka na za kituoni kila wiki, kwa safu mbili tofauti. Kituo kingezidi duka kwa wiki nane mfululizo, ningetafuta chumba kule. Kilizidi kwa tano tu, nikabaki, na mama wa vitambaa bado ananipokelea nguo.