Karibu ya mtoto

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtu wa Singida, nimeoa Tanga. Juzi nilifika ukweni peke yangu, saa nane mchana. Nikagonga, nikapiga hodi, mtoto akaitikia "karibu", nikaingia. Mama mkwe alikuwa amejilaza ukumbini na shemeji yangu yuko kichwa wazi. Wote wakakimbilia chumbani. Hawakusema kitu, lakini mke wangu ameambiwa, "mumeo huyo ana haraka." Hodi si nilipiga? Nimekosa nini?*

Marahaba, mwanangu.

Hodi ulipiga, ila karibu hukuipata. Karibu ya mtoto wa miaka mitano ni habari tu kwamba ndani kuna watu, na pengine kaitamka bila hata kuinua macho kwenye mchezo wake. Ungemjibu kwa upole, "Mwambie bibi, baba fulani yuko mlangoni," ukabaki pale pale ulipo mpaka usikie sauti ya mtu mzima.

Halafu iangalie nyumba yenyewe. Ukivuka mlango wa nyumba ya Kiswahili, unaingia moja kwa moja ukumbini, vyumba viko huku na huku na ua uko nyuma. Mchana wa jua kali mlango wa mbele na wa uani huachwa wazi upepo upite, na wanawake hutandika mkeka hapo hapo katikati. Kwa hiyo hakuna sebule ya kukupokea kwanza wakati wao wanajitengeneza. Hatua moja tu, uko kitandani kwa watu.

Na saa nane! Sura ya An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba hiyo hiyo waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Kama mtoto wa ndani anaomba, mkwe je? Nenda baada ya alasiri, saa kumi na moja hivi, watu wameshaoga na chai iko jikoni.

Ukifika, usiukabili mlango. Simama kando, bega likielekea ukutani, macho yatazame barabarani, ili hata pazia likipeperuka usione kitu. Kugonga peke yake hakutoshi, maana mkono hauna sauti ya kutambulika. Ita "Hodi!" kwa sauti ya kufika uani bila kuamsha mtaa, kisha nyamaza. Mpe aliyeko uani nafasi ya kusuuza povu mikononi, kutafuta kanga na kujitanda. Dakika moja nzima si nyingi. Wengi huharibu hapa, wanazipiga hodi tatu kwa pumzi moja, wanadhani wametimiza. Ukiulizwa "Nani?", taja jina. "Mimi" haimwambii mtu kitu.

Hodi ya tatu ikipita kimya, ondoka. Huenda wamo na hawawezi kukupokea, na hilo si tusi. Mwachie jirani salamu kwamba ulipita. Kusukuma mlango "nione kama wapo" ndiko kunakoudhi kuliko yote. Na hata kama ulipiga simu kabla, hodi iko pale pale.

Ukisikia "Karibu, subiri kidogo," shika hilo la mwisho. Ukisikia "Karibu, pita," ndipo uvue viatu, uviweke kando watu wasijikwae, uingie na "Asalaamu alaykum" ya wote kwa pamoja. Wakiitikia, anza na mkubwa kuliko wote: "Shikamoo mama," subiri marahaba, kisha anayefuata. Usiwakusanye wazee kwa "shikamooni" moja ukiwa bado unatafuta pa kukaa. Mama mkwe akikupa mkono, upokee kwa heshima. Shemeji ni jambo jingine: usimtangulizie mkono, msalimu kwa mdomo, "Hujambo shemeji," inatosha. Mtu akianza kuinuka kukupisha, mwambie "Starehe, starehe." Ukae unapoonyeshwa, hata kama ni kigoda na kiti cha mto kiko wazi.

Sasa la juzi. Usiende kuomba radhi mbele ya shemeji, utawarudisha pale pale kwenye aibu. Mke wako atangulie, amnong'oneze mama yake kwamba umejua kosa. Wewe nenda wiki ijayo jioni, mlango hata ukiukuta wazi kabisa, simama kando uite hodi. Mama mkwe akisema, "Karibu baba, si kwenu hapa?" bado usiingie. Mjibu, "Ahsante mama, shikamoo," na mguu wako ubaki nje ya kizingiti mpaka akwambie "pita".