Swali la lugha: "Siku za hatari" kwenye tangazo la pedi

*Naandika tangazo la redio la pedi. Bosi anataka lugha ya staha kwa kuwa wazee na watoto wanasikiliza. Nimeanza hivi: "Siku za hatari zisikutishe, baki msafi na huru." Je, inafaa? — Msomaji, Morogoro*

Haifai, na ngoja nikwambie ukweli, hiyo "siku za hatari" nimeichoka kuliko "masaa" na "wanaume kwa wanawake" zikijumlishwa. Kila mwandishi wa matangazo anadhani kaivumbua yeye. Shida yake wala siyo aibu, shida ni kwamba imeshapangwa na mwenyewe yupo. Muulize muuguzi yeyote wa kliniki ya uzazi, au mwalimu wa baiolojia, siku za hatari ni zipi, atakwambia ni zile ambazo mwanamke anaweza kushika mimba, yaani siku chache kabla yai halijatoka mpaka linapotoka. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 yai linatoka karibu na katikati, kama wiki 2 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Sasa wewe unachukua jina hilohilo unalibandika kwenye siku za damu, na watu hawachanganyikiwi hewani, wanachanganyikiwa kitandani.

Chukua binti wa kidato cha pili anayekusikiliza. Darasani kaambiwa siku za hatari ndizo za kushika mimba, redioni anasikia siku za hatari ndizo za kuvaa pedi. Akiunganisha hayo mawili anapata jibu lililonyooka kabisa ila la uongo, kwamba mimba inaingia akiwa na damu tu, basi zikiisha zile siku 4 au 5 yuko salama. Na anaanza kujiona salama wakati yai linakaribia kutoka! Tangazo lako halijataja tendo lolote, limejaa staha tele, na limefundisha uzazi kinyumenyume ndani ya sekunde 30. Halafu eti hatari. Hatari ya nani? Simba kaingia?

"Baki msafi" nayo ina lake, maana ukimwambia abaki msafi umeshamwambia damu yake ni uchafu. Hiyo nakuvumilia nikiwa nimechoka tu, sikuachii.

Neno ni hedhi. Limetoka Kiarabu, liko kwetu zamani, na mashehe wanalitaja mbele ya wazee wenye ndevu nyeupe wakifundisha masuala ya hedhi na nifasi, hakuna anayeziba masikio. Staha gani unayoitafuta zaidi ya hiyo? Bibi zetu wakisema "yuko mwezini" napo ni pazuri, ila mtoto wa mjini atauliza mwezini wapi. Bidhaa yenyewe iite pedi, dukani ndivyo inavyoombwa. Ukitaka urasmi sema taulo za kike, ndizo zilizosemwa bungeni Dodoma kodi ya ongezeko la thamani ilipofutwa 2018 na iliporudishwa 2019. Kenya watakwambia sodo, kwa Morogoro liache.

Mimi ningeandika hivi:

"Ukiwa kwenye hedhi, pedi hii inafyonza damu na kuzuia isivuje. Bandika upande wenye gundi kwenye nguo ya ndani, kunja mabawa kwa chini. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita, au mapema zaidi ikilowa. Ukimaliza, izungushie karatasi, tupa kwenye pipa la taka, siyo chooni."

Angalia hapo damu imetajwa mara moja, bila kuipamba, na mwili haujatajwa kabisa, nguo ya ndani inatosha, chupi waachie nyumbani. Nimeandika kufyonza badala ya kunyonya maana kunyonya redioni kunamleta mtoto mchanga. Na "isivuje" nimeiweka kama kazi ya pedi, sijaahidi "haivuji kamwe", anayejua atacheka.

Ila chunga sana kwenye "kila baada ya". Mhariri mwenye haraka atakata abaki na "badilisha saa nne hadi saa sita", na kwa saa zetu hiyo ni asubuhi mpaka adhuhuri, yaani binti abadilishe kabla ya chakula cha mchana basi, iliyobaki akae nayo mpaka kesho. Mkikosa nafasi kateni jingo, hayo maneno matatu yabaki.

Bosi akikomaa kwamba hedhi ni zito, mpe "siku zako za mwezi", nitanung'unika ila nitaipitisha, angalau haimpotoshi mtu. Siku za hatari mwambie ziko kliniki, zina kazi huko.